Fimbo Chini ya Ukuta

Januari nilikuwa nyumbani Upare, likizo ya wiki nne, na Mama akanituma mkutanoni kwa niaba yake. "Nenda ukasikie habari ya daraja, mwanangu. Goti langu halishuki hadi huko." Daraja lenyewe ni la waenda kwa miguu, mita tisa, limelazwa juu ya magogo matatu ya mkaratusi yanayokaa kwenye kuta mbili za mawe. Watoto hulivuka kwenda shule na akina mama hulivuka siku ya gulio wakiwa na ndizi kichwani. Mvua za vuli zilikuwa zimelitikisa, na Mwenyekiti wa Kijiji alikuwa ameitisha Mkutano Mkuu ili aeleze gharama.

Kabla hajafungua mdomo, sisi tuliokaa chini ya mkuyu tulikuwa tumeshapanga mchango wenyewe. Kila mtu alikuwa ameziona mbao zilizooza, na hesabu ya mtaani ilisema kaya itoe shilingi elfu tano, mambo yaishe. Mwenyekiti alisalimia wazee, akaomba radhi kwa jua, kisha akainua fimbo ya mita moja iliyopakwa tope hadi zaidi ya nusu.

"Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu. Jana fundi aliingiza fimbo hii chini ya ukuta wa ng'ambo. Tope mnaloliona hapa ndipo ilipofika. Maana yake ukuta ule umekaa juu ya hewa. Tukibadilisha mbao peke yake, kila kaya itatoa pungufu ya shilingi elfu nne, na masika yatabeba mbao zetu mpya pamoja na ukuta."

Watu wakanyamaza. Nimehudhuria mikutano mingi ya wahandisi huko ninakoishi, wakiwa na picha ukutani, na sijaona maelezo yaliyoeleweka upesi kama ile fimbo.

Akaeleza sababu. Miaka miwili hivi vijana wamekuwa wakichota mchanga hatua chache chini ya daraja na kuuza kwa wajenzi. Mto ukichimbwa shimo, maji yanayoingia shimoni huanguka kwa nguvu na kumega ukingo wa juu, kwa hiyo shimo hilo halitulii mahali pake: kila mvua linapanda kufuata mto hadi linafika kwenye msingi. Dalili zilikuwepo kwa wenye kutazama. Ukuta wa ng'ambo una ufa unaopanda mshazari kutoka chini, na sakafu ya daraja imelalia upande mmoja kiasi kwamba ndoo ya maji ukiiweka katikati inamwagikia kulia. Tulidhani magogo yamechoka. Fundi aliyakagua yote matatu akakuta moja tu limeoza, na la kuchukua nafasi yake litatoka msitu wa kijiji bila malipo.

Kisha akaomba ubao wa shule usogezwe, akaandika.

Ukuta ulichukua nafasi kubwa. Mifuko 40 ya saruji, kila mmoja shilingi 19,000, ni 760,000. Mchanga safari mbili za lori dogo, 300,000, nao utatoka mbali, si mto ule. Kokoto safari moja, 200,000. Nondo, 300,000. Fundi mwashi siku 14 kwa 30,000, yaani 420,000. Jumla ya ukuta 1,980,000. Sakafu ilihitaji mbao 30 za futi 12, kila moja ikatwe vipande viwili, pamoja na bolti, misumari na seremala wa siku nne: 660,000. Kupandisha mzigo kutoka mjini, 180,000. Yote ni 2,820,000. Akaongeza sehemu moja ya kumi kwa dharura, ikawa 3,102,000, na hapo mama mmoja akasimama.

"Mwenyekiti, hiyo dharura ni ya nani?"

"Ni ya mwamba, mama. Fundi atachimba chini ya ukuta akitafuta ardhi ngumu. Anadhani ataipata kwenye mita moja na nusu. Akiikuta kwenye mita mbili, saruji itaongezeka. Asipoihitaji, fedha inabaki benki na nitaisoma hapa hapa mbele yenu."

Yule mama hakuketi mpaka aliposikia nani wanatia saini kwenye akaunti. Akatajiwa, akaketi. Akaunti ilikuwa na 402,000. Zilibaki 2,700,000. Kijiji kina kaya 214. Wazee wasiojiweza na wagonjwa, kaya 34, walisamehewa. Kaya 180, kila moja 15,000.

Niseme jinsi jambo hili linavyofanyika ninakoishi, nje kidogo ya mji mdogo wa Uswidi. Watu wengi nyumbani huamini kwamba Ulaya serikali inatengeneza kila barabara. Barabara yetu ya changarawe, pamoja na daraja lake dogo, ni mali ya wenye nyumba kama 60 tulioungana katika ushirika wa barabara. Nchi ile ina vyama vya namna hiyo kwa maelfu, vinaongozwa na sheria za mwaka 1973, na kwa barabara nyingine serikali huchangia sehemu ya gharama. Ukinunua nyumba, uanachama unakuja nayo, upende usipende.

Kila mwaka tunakutana. Halmashauri ya ushirika inatakiwa kuweka mezani bajeti na orodha ya malipo: jumla inayotakiwa, kila mwanachama anatoa ngapi, na lini. Mara ya mwisho tulifika watu 11. Orodha ikapitishwa kabla kahawa haijapoa, na hakuna aliyeuliza daraja lina ugonjwa gani. Usipolipa, hakuna anayekuja mlangoni kukusihi. Orodha ile ina nguvu ya kisheria kiasi kwamba ushirika unaweza kwenda moja kwa moja kwa mamlaka ya serikali inayokusanya madeni bila kupita mahakamani kwanza.

Na viwango havilingani. Mpima ardhi wa serikali aliipa kila nyumba hisa yake kwa kukadiria inaitumia barabara kiasi gani: mwendo kutoka barabara kuu, idadi ya safari, uzito wa magari. Anayeishi mwaka mzima ana hisa kubwa kuliko mwenye nyumba ya kiangazi, na kiwanja kitupu kina hisa ndogo kabisa. Niliukubali mpango huo tangu siku ya kwanza, nikadhani haki haina sura nyingine.

Ndiyo maana mzee mmoja alipoinuka pale mkuyuni nilimwelewa. "Mimi sivuki hilo daraja," alisema. "Shamba langu, nyumba yangu, kanisa langu, vyote viko huku. Nalipia nini?" Kwa hesabu ya Uswidi mzee yule angepewa hisa ndogo, labda asipewe kabisa.

Mwenyekiti akamjibu kwa upole. "Mzee wangu, shikamoo. Nesi wetu anakaa ng'ambo. Daraja likikatika, zahanati ya huku kwako inafungwa."

Mzee akaguna, akatoa noti ya elfu kumi, akasema nyingine atamalizia Jumapili.

Likafuata swali la kaya ni nini, maana wapo wenye wana waliooa na kujenga ndani ya uwanja mmoja. Mwenyekiti alitumia kipimo ambacho hakimo katika karatasi yoyote ninayoijua: jiko. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Mwana mwenye jiko lake anatoa chake. Manung'uniko yalikuwepo, lakini hakuna aliyesema hakuelewa.

Mwisho akafika kwetu. "Kuna nyumba zilizofungwa," alisema, akanitazama. "Wenyewe wako Dar, wako Arusha, wako Ulaya. Kila kaya italeta mtu mmoja kwenye msaragambo Jumamosi tatu kusomba mawe. Nyumba iliyofungwa haileti mtu. Kwa hiyo itatoa 15,000 kama wengine, na 7,000 kwa kila Jumamosi, ambayo ni kibarua cha siku moja hapa kwetu. Ni 36,000."

Jina la Mama lilikuwa kati ya wale 34. Nyumba niliyojenga jirani yake, yenye mabati mekundu na kufuli, ilikuwa kati ya zilizofungwa.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na hoja tayari mdomoni, ya Kiswidi kabisa: mimi situmii daraja, basi nipunguziwe. Kadiri nilivyoigeuza niliona haisimami. Ushirika wetu wa kule unauliza nyumba hii inachakaza barabara kiasi gani. Mkutano wa mkuyuni ulikuwa unauliza nyumba hii inawaachia wengine mzigo gani. Jiwe ambalo mimi silibebi linabebwa na jirani yangu kwenye bega lilelile lililobeba la kwake. Kwa kazi inayojengwa kwa mikono, naona hesabu ya Mwenyekiti ndiyo sahihi, na nilimlipa kesho yake asubuhi nikapewa stakabadhi.

Kuna jambo moja hata hivyo ambalo Uswidi wametushinda, nami nililisema. Ushirika wetu unaweka fedha kila mwaka kwenye mfuko wa matengenezo makubwa, na sheria inautaka. Daraja letu la kule lilipobadilishiwa sakafu hakuna aliyeombwa mchango wa ghafla. Nikamwambia Mwenyekiti, jioni tulipokuwa tumekaa barazani kwake: kwa nini kila kaya isitoe elfu moja kila mwaka? Kaya 180 ni shilingi 180,000, na mbao za sakafu zinajilipia baada ya miaka minne.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Tulikuwa nao mfuko," alisema. "Wakati wa uongozi uliopita. Fedha ikakaa, ikakosa kazi, ikaisha. Nikiwaambia leo watoe ya kukaa, wataninyima hata hii ya kufanya kazi." Nikasema basi tununue saruji tuiweke. Akacheka: saruji kwenye ukungu wa milimani haimalizi miezi mitatu kabla haijaganda ndani ya mfuko.

Ratiba yenyewe haikuruhusu mabishano. Michango ilitakiwa iwe imefika tarehe 5 Februari, kwa sababu msingi hauwezi kuchimbwa wote kwa mkupuo, ukuta ungelala. Fundi anachimba kipande cha mita moja, anajaza zege, anaruka kipande, anachimba kinachofuata, na anarudia vile alivyoruka baada ya zege kushika. Kisha ni kumwagilia maji wiki nzima. Masika ya Machi hayasubiri. Mkutano ulikuwa pia umepiga marufuku kuchota mchanga hatua mia juu na chini ya daraja, maana bila hilo mifuko 40 ingekuwa imezikwa bure.

Jumamosi ya kwanza ya msaragambo ilinikuta bado sijaondoka, nikaenda, ingawa nilikuwa nimeshalipa. Mawe makubwa yalikuwa ya kulazwa mbele ya ukuta ili maji yayapige hayo badala ya msingi. Kufika saa sita tulikuwa tumepitisha kiasi alichotaka fundi, na watu wakaanza kunawa. Mwenyekiti akawaomba safari mbili zaidi kila mmoja. Mawe ya ziada yakarundikwa kando, juu ya mstari wa mafuriko. Kila baada ya masika na vuli, alisema, watu watashuka na fimbo ile ya mita moja, waichomeke chini ya kuta zote mbili, na palipolika patajazwa kutoka kwenye rundo.

Akanigeukia. "Huo ndio mfuko wako. Hakuna atakayeula."

Nilibeba mawe yangu mawili, kisha nikabeba ya Mama.