Nusu ya Nini?

Katika darasa letu la kisomo cha watu wazima parokiani, tulisoma pamoja kipeperushi cha dawa ya mitishamba. Kiliandikwa kwa herufi kubwa: “Hupunguza hatari ya kiharusi kwa nusu.” Mama mmoja mwenye presha alikuwa tayari kuacha vidonge vyake ili ainunue. Tukajiuliza: nusu ya nini?

Tulipanga punje 100 za maharage mezani, kila punje ikiwa mtu mmoja. Tuseme bila dawa watu 2 kati ya hao hupata kiharusi, na kwa dawa hupata 1. Ni nusu kweli, ila aliyeokolewa ni mmoja tu katika 100. Tukabadilisha: bila dawa 20, kwa dawa 10. Hiyo nayo ni nusu, lakini sasa wameokolewa 10. Kipeperushi hakikutuambia ni hesabu ipi.

Tukatafuta mengine yaliyokosekana. Dawa ilijaribiwa kwa nani, kwa muda gani, na ikalinganishwa na nini? Kilisema “haina madhara”, bila neno lolote kuhusu anayemeza dawa nyingine. Chini kabisa palikuwa na namba ya simu ya muuzaji.

Tulimkumbusha mama kwamba presha hupanda bila dalili, hivyo kujisikia vizuri baada ya kuacha vidonge si ushahidi wa kupona. Alikubali kuendelea navyo, akakikunja kipeperushi aende nacho kliniki, nyuma yake akiwa ameandika: “Nusu ya wangapi?”