Kutoka toba mpaka ridhaa: safari ya mnyang'anyi Fudhaili

Miaka mia kumi na mbili na zaidi iliyopita, kulikuwa na mnyang'anyi aliyeitwa Fudhaili bin Iyadhi. Alikuwa anavizia wasafiri kwenye barabara ya Abiwardi na Sarakhsi, katika jimbo la Khurasani. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alikuwa anapanda ukuta kumfuata mwanamke, akasikia mtu anasoma Kurani, aya inayouliza kama saa ya mioyo kunyenyekea haijafika. Akashuka. Akaenda kulala katika gofu, akakuta wasafiri wanabishana: wengine wanataka kuendelea na safari, wengine wanasema tungoje asubuhi, Fudhaili yuko njiani. Ndipo akajua jinsi watu walivyoishi kwa hofu yake.

Masufi wanahesabu usiku ule kuwa mlango wa kwanza, toba. Kwao toba haikuwa machozi tu. Ilitaka mtu ajute, aache kosa palepale, na aazimie kutolirudia. Kama kosa liligusa mali ya mtu, ilibidi mali irudi kwa mwenyewe. Mnyang'anyi anayelia huku mbuzi wa wengine wako kwake, huyo hajatubu bado.

Baada ya toba njia ilikuwa na vituo. Abu Nasri Sarraji wa mji wa Tusi, aliyefariki mwaka 988, alivipanga saba: toba, kujiepusha na yenye shaka, zuhudi, ufukara, subira, tawakali na ridhaa. Kila kituo kinaita kinachofuata. Aliyezoea kuacha chenye shaka anaanza kupunguza hata cha halali. Huo ni zuhudi. Mikono ikibaki mitupu ni ufukara, na ufukara bila subira unageuka manung'uniko. Subira ikikomaa, mtu anamkabidhi Mungu kesho yake. Kuruka kituo hakukufaa: anayesema ana tawakali lakini bado anakula vya wizi, anajidanganya.

Kuna vituo, na kuna hali. Kituo mtu anakifikia kwa jasho, anakaa humo mpaka atimize haki yake. Hali, kama vile hofu, shauku au utulivu wa moyo, inashuka moyoni bila kuitwa na inaweza kuondoka. Mkulima analima na kupalilia; mvua hailimi yeye.

Basi ridhaa iko upande gani? Hapo masufi walitofautiana. Wale wa Khurasani walisema ni kituo, mwisho wa tawakali. Wale wa Iraki walisema ni hali, zawadi tu. Imamu Kushairi wa Nishapuri, aliyefariki mwaka 1072, aliwapatanisha: mwanzo wake mtu anautafuta, mwisho wake anapewa.

Fudhaili mwenyewe alihamia Maka, akafariki huko mwaka 803. Mtu aliyekaa naye miaka thelathini anasimulia kwamba hakumwona akitabasamu ila siku moja: siku aliyokufa mwanawe Ali. Alipoulizwa, alijibu kwamba Mungu alipenda jambo, na yeye akalipenda.

Kwa mzazi aliyezika mtoto njiani akikimbia vita, habari hii ni nzito. Je, anayelia amekosa ridhaa? Wanazuoni waliliona swali hilo. Ibnu Kayimu wa Dameski, aliyefariki mwaka 1350, alikumbusha kwamba Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahimu, wala hakulalamikia hukumu ya Mungu. Moyo wake ulibeba huruma na ridhaa pamoja. Moyo wa Fudhaili siku ile haukuwa na nafasi ya vyote viwili, ndiyo maana hali ya Mtume ni kamili zaidi. Mwalimu wa Kushairi, Abu Ali Dakaki, naye alifundisha kwamba ridhaa haimzuii mtu kusikia uchungu. Inamzuia kupinga hukumu.

Kushairi akaweka mpaka mwingine. Si kila linalotokea mtu anatakiwa kuliridhia: dhambi haziridhiwi, wala mateso yanayowapata waumini. Kwa hiyo anayemwambia aliyechomewa nyumba kwamba ridhaa ni kunyamaza juu ya aliyeichoma, anasema lisilofundishwa na mabwana wa njia hii. Mchomaji bado anadaiwa toba, na toba yake ina deni la nyumba.

Kule Kasongo na Kindu, ambako tarika ya Kadiria ina wafuasi, muridi bado anaanzia toba mbele ya shehe wake. Ridhaa haidaiwi kwake siku ile. Fudhaili naye, usiku ule katika gofu, alikuwa na jambo moja tu la kufanya: kuwatoa wasafiri wale hofu. Habari inasema alijitambulisha kwao, akawapa amani.