Laki Mbili na Nusu za Mama Mdogo

Picha iliingia kwenye simu usiku, mwezi Novemba, ikiwa imepigwa kwa pembe na kivuli cha mkono kikiwa juu yake. Ni karatasi ya mchanganuo wa ada ya shule moja binafsi ya bweni. Mama mdogo, anayeishi upande wa Nkwenda wilayani Kyerwa, alifuatisha na ujumbe wa sauti: "Mwanangu, wewe umesoma. Mimi napata kama laki mbili na nusu kwa mwezi. Nipangie nitakavyolipa."

Kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali hakina ada tangu 2016. Yeye lakini alikuwa ameshaamua, na binti alishafaulu usaili. Sikubishana naye.

Kwanza picha. Mkunjo wa karatasi ulipita juu ya tarakimu ya awamu ya pili, hivyo ilisomeka 300,000 au 800,000. Hapo hakuna haja ya kukodoa macho. Jumla chini ilikuwa 1,400,000. Awamu ya Januari ni 500,000, ya Julai 400,000 na ya Oktoba 200,000. Ukizitoa, Aprili inabaki 300,000, basi. Nikahakikisha pia kwamba kichwa cha safu kinasema "kwa mwaka" na siyo "kwa muhula", maana neno hilo moja linazidisha deni mara mbili. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na sare, mitihani, matibabu na tahadhari: 200,000, zilipwe zote siku ya kuripoti. Kwa hiyo Januari halisi ni laki saba.

Halafu zile laki mbili na nusu. Nilimpigia nikamuuliza, mwezi gani hasa? Akacheka. Mtu wa Karagwe au Kyerwa akikutajia kipato cha mwezi, mara nyingi amechukua mwaka mzima akaugawa kwa 12. Ndizi na vitu vidogo vya gengeni humletea kama 130,000 kila mwezi. Kilichobaki, 1,440,000 baada ya kuwalipa wachumaji, ni kahawa, nayo huingia mara moja, kwenye Julai na Agosti. Chakula kinatoka shambani, kwa hiyo matumizi ya nyumbani ni 70,000. Kila mwezi wa kawaida anabaki na 60,000.

Kwa wastani, mama mdogo anaweza kulipa ada hii na chenji ikabaki. Kwa kalenda, Januari inamshinda. Alikuwa na akiba ya 350,000 ya msimu uliopita. Ongeza miezi mitatu ya 60,000 unapata 530,000. Pungufu ni 170,000.

Pengo hilo ndilo linalowapeleka watu kwenye butura. Mnunuzi anakuja na fedha taslimu kahawa ikiwa bado mtini, anaipangia bei yake, na msimu ukifika anavuna yeye. Serikali huipiga vita butura, nayo haiishi, kwa sababu shule hufungua Januari na kahawa huiva katikati ya mwaka. Mnunuzi akilipa nusu ya bei, ile 170,000 inamgharimu mama mdogo kahawa ya 340,000. Ada imepanda, na kwenye karatasi ya shule hakuna panapoonyesha.

Kwa hiyo tuliiandikia shule barua. Hatukuomba punguzo, jumla ileile, tarehe tofauti. Januari michango yote pamoja na ada 300,000. Mwisho wa Aprili 150,000. Mwisho wa Agosti 750,000, kahawa ikiwa imeshauzwa chama cha msingi na malipo yameingia. Oktoba 200,000 kama walivyopanga wao.

Mhasibu, mtu mstaarabu kwa kweli, alikataa Agosti. Wanafunzi hurudi Julai wakiwa na risiti, akasema, na hawezi kumpokea mmoja bila kitu mkononi. Nikarudi kwenye daftari. Baada ya malipo ya Aprili mama mdogo anabaki na 60,000, na hadi Julai anafikisha 240,000. Tukamwahidi 200,000 siku ya kufungua na 550,000 ifikapo tarehe 31 Agosti. Akagonga muhuri.

Mama mdogo ana nakala ya barua hiyo ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na stakabadhi za benki, kila moja ikiwa na jina la binti na siyo la mlipaji, maana la sivyo fedha huelea kwenye akaunti ya shule bila mwenyewe. Tulichobishania mpaka mwisho ni ile kahawa itakayobaki Agosti. Yeye anataka bati. Mimi nataka laki tano zikae benki, zisipite nyumbani kabisa, zimngoje Januari nyingine. Tumekubaliana bati za jikoni tu.