Nilizima IPv6, saiti zikafunguka, na bado nilikuwa nimekosea

Wasee, wiki mbili zilizopita niliwaambia hapa mzime IPv6 kwenye rauta kama intaneti inawasumbua. Wengi wenu mlifanya hivyo. Leo narudi kurekebisha maneno yangu, kwa sababu nilichowaambia kilikuwa nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo ina utamu.

Stori ni hii. Nilikuwa na kazi ya mteja, video tatu, na saiti yake ya kupokea kazi iligoma kufunguka. Haikuleta ujumbe wa kosa, ilizunguka tu. Saiti zingine zilikuwa zinaruka fiti, video zinacheza bila kukwama. Nikamgeukia ndugu yangu mdogo, nikamwambia gemu zake zinakula intaneti yote. Akaniapia, "Haki ya nani si mimi." Nilichomoa kebo ya koni yake hata hivyo. Saiti ikaendelea kuzunguka. Nilipowasha data ya simu, ikafunguka mara moja.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye rauta, nikazima IPv6, na saiti ikafunguka. Nikatuma kazi, nikaja hapa kujigamba.

Shida ni kwamba nilijaribu mara moja tu. Ukizima kitu na mambo yakanyooka, inaweza kuwa ni hicho kitu, na inaweza kuwa ni kwa sababu ulipobonyeza "save" rauta ilijiwasha upya. Wikendi nikakaa chini vizuri. Nikawasha IPv6, saiti ikakwama. Nikazima, ikafunguka. Nikawasha tena, ikakwama tena. Kila mara nilitoa laptopu na simu kwenye waifai nikazirudisha, kwa sababu kifaa kinaweza kubaki na anwani yake ya zamani ya IPv6 hata baada ya rauta kuizima, halafu unapima kitu ambacho hakipo. Usiruke hiyo hatua, mimi ilinipotezea karibu saa nzima.

Kuna njia ya haraka isiyohitaji kugusa rauta. Kwenye laptopu, fungua dirisha la amri na uandike hizi mbili, ukiweka jina la saiti inayokusumbua:

```
curl -4 -v -m 20 -o /dev/null https://example.com/
curl -6 -v -m 20 -o /dev/null https://example.com/
```

Ya kwanza inalazimisha IPv4, ya pili IPv6, na zote zinakata tamaa baada ya sekunde 20. Ya -6 ikikuambia "Could not resolve host" na ya -4 ikapita, basi hiyo saiti haina anwani ya IPv6 kabisa, tafuta mchawi mwingine. (Kwenye Windows, badala ya /dev/null andika NUL.)

Kwangu ya -4 ilimaliza chini ya sekunde moja. Ya -6 ndiyo ilinishangaza. Iliandika "Connected to", yaani ilifika kwa seva na seva ikaitikia. Halafu ikaandika "Client hello", ikanyamaza hadi sekunde 20 zikaisha. Kama IPv6 ingekuwa imekufa kabisa, isingefika hata hapo.

Na hapo ndipo nilielewa kwa nini brauza haikunisaidia. Brauza za siku hizi zina ujanja: zinajaribu IPv6 kwanza, zikiona kimya kwa kama robo sekunde zinajaribu IPv4 pia, na itakayoitikia kwanza ndiyo inatumika. Kwa hivyo IPv6 iliyokufa kabisa huioni hata kidogo. Lakini yangu ilikuwa inaitikia salamu vizuri. Brauza inasema sawa, IPv6 imeshinda, tuendelee. Kisha inakwama, na haina sababu ya kurudi nyuma.

Kwa nini salamu zipite na kurasa zisipite? Ni ukubwa. Salamu ni pakiti ndogo. Cheti cha usalama ambacho seva hutuma baada ya hapo ni kikubwa, kinajaza pakiti hadi mwisho. Pakiti ya kawaida kwenye mtandao wa nyumbani ina baiti 1500. Laini yangu inaingia kwa kutumia PPPoE, ile ya kuweka jina na nywila kwenye rauta, na PPPoE yenyewe inakula baiti 8. Zinabaki 1492. Fikiria sofa na mlango wa keja ambao umepungua upana wa kidole kimoja. Kijiko kinapita, sofa haliingii.

Kwenye IPv6, vifaa vya katikati ya njia haviruhusiwi kukata pakiti vipande. Kinachotakiwa ni kifaa kilichoona mlango mdogo kimtumie mwenye mzigo ujumbe, "Packet Too Big", kikimwambia kipimo kinachopita. Seva inayousikia inapunguza na maisha yanaendelea. Lakini kuna wasimamizi wa seva wanaozuia ujumbe huo wakidhani wanajilinda. Seva yao haisikii, inatuma sofa lilelile tena na tena. Ndiyo maana ni saiti kadhaa tu zinazoganda.

IPv4 nayo ingekuwa na balaa hilohilo, ila rauta yangu ilikuwa inaingilia salamu za IPv4 na kuambia seva mapema itume vipande vidogo. Kwa IPv6 ilikuwa haifanyi hivyo. Mambo ya rauta ya bei ya chini, lakini sitaitaja.

Nilitaka ushahidi, si nadharia. Nikawasha IPv6, nikapunguza kipimo kwenye laptopu peke yake (natumia Linux, na wlp2s0 ni jina la waifai yangu, lako laweza kuwa tofauti):

```
sudo ip link set dev wlp2s0 mtu 1492
```

Nikarudia curl -6. Ikapita chini ya sekunde moja, IPv6 ikiwa bado imewashwa. Baiti 8 tu, maze. Na mimi nilikuwa nishamchomolea mtoto kebo.

Kipimo cha laptopu hurudi 1500 ukiiwasha upya, na simu huwezi kuipangia hivyo, kwa hivyo dawa ni kwenye rauta. Kwenye ukurasa wa IPv6, upande wa LAN, niliona kisanduku cha MTU kimeandikwa 1500. Nikaweka 1492. Rauta hutangazia kila kifaa kipimo hicho, na simu zote zikatii. Kama rauta yako haina hicho kisanduku, tafuta kitu kinachoitwa "MSS clamping". Kama pia hakuna, basi zima IPv6 bila aibu, na umpigie mtoa huduma ukiwa na matokeo ya zile curl mbili mkononi.

Mbona nisiiache tu ikiwa imezimwa? Kwa sababu IPv4 ya nyumba yangu si yangu peke yangu. Anwani ambayo rauta inapewa inaanza na 100.72, na zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa watoa huduma wanaowapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Jirani nisiyemjua akifanya ujinga, mimi ndiye ninayeulizwa nichague picha za taa za barabarani. Kwa IPv6 nyumba inapata anwani zake.

Mteja alilipa, ila alikata kwa kuchelewa. Ndugu yangu hajaniongelesha sana tangu nimweleze hizo baiti 8. Aliuliza tu kama naweza kuziweka kwa maandishi aonyeshe mathe.