Barua Iliyofika Ijumaa Jioni

Barua ilifika kwenye simu ya mdogo wangu Ijumaa, saa moja jioni, tukiwa tumekaa nje ya nyumba yetu karibu na Base Camp, Nakivale. Chuo kikuu kimoja cha Kanada kilikuwa kimempa ufadhili kamili wa masomo: ada, bweni, bima, hata tiketi ya ndege. Lililobaki kwake ni dogo tu, alipe dola 320 za kuthibitisha nafasi ndani ya saa 72. Kwa hela ya Uganda ilikuwa kama milioni moja na laki mbili. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Kulipokucha alikuwa ameshazungumza na wenzake wa likelemba, na mwenye zamu ya mwezi ule akakubali kumwachia.

Mimi nilinyamaza, na kimya changu kiliumiza. Katika familia, anayeuliza maswali siku ya furaha huonekana ana wivu. "Yaya, hutaki niondoke?" mdogo wangu aliniuliza. Nilitaka aondoke. Nilitaka barua ile iwe ya kweli kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote.

Wala tumaini lake halikuwa la kijinga. Milango ya namna hiyo ipo. Shirika la WUSC la Kanada limekuwa likiwapeleka vijana wakimbizi katika vyuo vya huko tangu mwaka 1978, na Uganda ni mojawapo ya nchi wanakochaguliwa. Upo pia ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992, ingawa huo humsomesha mkimbizi katika nchi aliyokimbilia, si ng'ambo. Kila mtu kambini amesikia habari za kijana fulani aliyepanda ndege. Tapeli hahitaji kubuni ndoto. Hutuuzia ile ambayo tumeshaiona kwa jirani.

Nilimuuliza mdogo wangu: uliomba lini, na ulituma nini? Alisema mtu aliyejiita wakala wa chuo alimtumia fomu kwa WhatsApp, akajaza jina na mwaka wa kuzaliwa, akapiga picha cheti chake cha sekondari. Hakufanya mtihani wa Kiingereza. Hakuna mwalimu aliyeombwa kumwandikia barua ya mapendekezo. Hakuandika hata insha ya ukurasa mmoja. WUSC huchuja waombaji kwa miezi mingi, kwa mitihani na usaili, na haiwatozi kitu kuomba. Huyu alikuwa amepewa kila kitu baada ya siku tisa.

Jumamosi alfajiri tulipanda taksi kwenda Mbarara, tukaingia intaneti kafe moja iliyo na kompyuta kubwa, maana kwenye simu anwani ndefu hukatwa na mtu haoni mwisho wake. Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Nilianza kuikagua barua yenyewe: nembo, muhuri, jina la msajili, anwani ya mtaa. Vyote vilikuwa sahihi. Hata namba ya DLI, ambayo serikali ya Kanada hukipa kila chuo kilichoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni, niliikuta kwenye orodha ya serikali, tarakimu kwa tarakimu. Mdogo wangu akatabasamu, nami nikaanza kuona aibu.

Kisha nikatambua kwamba orodha ile niliifungua bila kuulizwa neno la siri. Kama mimi wa Nakivale naiona, aliyeandika barua naye anaiona. Kila nilichokuwa nimekithibitisha kilithibitisha kuwa chuo kipo, na hilo halikuwa na ubishi. Swali lilikuwa kama chuo kinamjua mdogo wangu, na jibu lake lilikuwa chuoni peke yake.

Tukaangalia anwani iliyotuma barua. Nimebadilisha maneno yake hapa, lakini umbo ni hilihili. Ya kwanza ni ya chuo, ya pili ndiyo iliyotuandikia:

```
jinalachuo.ca
jinalachuo.ca-ufadhili.com
```

Jicho husoma kuanzia kushoto, likikutana na jina la chuo linaridhika. Mwenye anwani hujulikana kwa kuanzia kulia. Katika mstari wa pili, mwenye mali ni `ca-ufadhili.com`, na mtu yeyote anayemiliki jina hilo anaweza kubandika mbele yake jina la chuo chochote duniani.

Hilo lilinitosha mimi, ila halikumtosha yeye. Vyuo hutumia mawakala, alisema, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani vyuo vingi vinao. Basi tukatafuta tovuti ya chuo sisi wenyewe, bila kubonyeza chochote kilichomo kwenye barua, tukapata barua pepe ya ofisi ya udahili. Tukaandika mistari minne: jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mwombaji iliyoandikwa kwenye barua, na swali kama ufadhili ule wameutoa wao. Tukaambatisha barua yenyewe.

Tuliporudi nikahesabu saa. Barua ilitua Ijumaa jioni, na muda wa malipo ungeisha Jumatatu saa moja jioni. Ofisi ya chuo kile ikifunguliwa saa tatu asubuhi yao Jumatatu, kwetu ni saa kumi jioni. Tangu tulipoandika Jumamosi hadi muda kuisha, ofisi ingekuwa wazi saa tatu tu. Aliyepanga muda ule alijua chuo kitakuwa kimefungwa sisi tukiwa tunatafuta pesa.

Usiku ule nilimweleza mdogo wangu habari za malipo, kwa sababu sikutaka abaki akiamini kwamba kila ada ni wizi. Mwenye ufadhili wa kweli anaweza bado kulipia kibali cha masomo, dola 150 za Kanada, na alama za vidole, dola 85. Fedha hizo huingia serikalini, kupitia ukurasa wa serikali. Chuo nacho kinaweza kudai malipo ya kushika nafasi, na huyapokea kwenye akaunti yake yenyewe. Dola zetu 320 zilitakiwa kwenye namba ya simu ya Kampala iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja.

Nikamwambia pia lililonitisha zaidi. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba mamia ya wanafunzi kutoka India waliingia Kanada kwa barua bandia za udahili walizopewa na wakala, na wengi walijua miaka baadaye, walipoomba ukaazi. Tangu tarehe 1 Desemba mwaka huo, idara ya uhamiaji ya Kanada huuliza chuo kuhusu kila barua kabla ya kutoa kibali. Anayeonekana ameidanganya idara hiyo anaweza kufungiwa kuingia nchini miaka mitano. Kwa mkimbizi, huko ni kujifungia kwa mkono wake mwenyewe mlango wa WUSC.

Jumatatu saa moja ikapita. Saa mbili wakala akaandika kwamba amezungumza na ofisi, na ada imeshuka hadi laki sita. Mdogo wangu alisoma ujumbe ule mara mbili, akaiweka simu chini. Ofisi ya udahili haipunguzi bei.

Jibu la chuo lilikuja Jumanne usiku, likiwa na sentensi tatu. Hawana ombi lenye jina lake, namba ile haina umbo la namba zao, na wanaomba asilipe chochote. Jumatano asubuhi mama alimrudishia mwenye zamu zamu yake ya likelemba.