Mtoto si andazi, fungua dirisha!

Jamani, nani aliyewaambia kwamba kichanga kikizaliwa dirisha lifungwe? Hapa Dar, Februari ile ya jua kali, unaenda kumwona mzazi unakuta chumba ni tanuri. Mtoto kavikwa kofia, soksi, sweta na blanketi juu. Eti upepo utamwingia!

Dada yangu alijifungua Februari 2023, chumba cha bati bila dari. Siku ya tano mtoto akawa mwekundu, anapumua harakaharaka, shingo imelowa jasho. Mama mkwe akasema ana baridi, maana viganja vilikuwa vya baridi, akaongeza khanga. Dada hakungoja, akamkimbiza zahanati. Nesi akampima kwapani: 38. Akamvua, akamwambia dada amnyonyeshe, naye akamkagua mwili mzima. Baada ya nusu saa kipimo kikasoma 37.1. Kawaida ya kichanga ni 36.5 hadi 37.5.

Nesi akatufundisha jambo moja ambalo sijalisahau: viganja na nyayo za kichanga hudanganya, mara nyingi huwa vya baridi hata mwili ukiwa sawa. Gusa kifua au nyuma ya shingo. Pakiwa pa moto au pana jasho, punguza nguo. Pakiwa pa baridi, ongeza. Wewe ukikaa na khanga moja tu, yeye nepi na kishati chepesi vinamtosha.

Tuliporudi tulifungua dirisha lenye wavu, na mlango tukauachia pazia, maana hewa ikiingia bila pa kutokea haitembei. Kitanda tukakisogeza mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Feni tukaigeuzia ukutani, isimpige mtoto moja kwa moja. Mchana bati likichemka, dada alihamia barazani kivulini. Chandarua hakikuondoka.

Ndugu zangu wa Njombe na Makete mtasema huku Dar tunadeka. Kweli, Julai kwenu kichanga kinapoa upesi. Mkaushe vizuri, mvike kofia, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mjifunike pamoja ukiwa macho. Ila jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyo na moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu wala haionekani, na imeua familia nzima usingizini. Pasha chumba kwa kuziba nyufa za upepo, siyo kwa mkaa.

Sasa sikia hili. Si kila joto ni la blanketi. Umemvua, umemnyonyesha, nusu saa imepita, bado 37.5 au zaidi? Hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Hata joto likishuka, asiponyonya, akilegea au akipumua kwa shida, nenda. Akiwa wa baridi kifuani na hapati joto ukimkumbatia, vilevile nenda. Maji ya kunywa usimpe, ziwa linamtosha.

Bibi akinuna, mwache anune. Dirisha libaki wazi.