Nyeupe inakudanganya: picha uliyoikata ijaribu kwenye giza kwanza

Wacha niseme kitu kitawauma wengi hapa: picha iliyokatwa ikipendeza kwenye nyeupe, bado hujajua kama imekatwa vizuri. Nyeupe haijakuonyesha kitu. Nyeupe ni ule rafiki wa kukuambia "uko poa" hata kama una sukuma kwenye meno.

Nasema hivi kwa sababu kila wiki naona kazi ya vijana wa rika letu, mabango ya sherehe, ya ngoma, ya vibanda vya kinyozi, na ugonjwa ni mmoja. Mtu amesimama kwenye bango jeusi na amezungukwa na utepe mweupe mwembamba, kama amekatwa gazetini na makasi. Ukimuuliza mwenye kazi, anakuapia kwamba kwa simu yake ilikuwa safi. Na hadanganyi. Kwa simu yake ilikuwa juu ya nyeupe.

Kuna msee namjua, dizaini ndiyo inamlipia nauli na bando. Alipewa picha ya msichana mcheza densi mwenye afro kubwa, amepigwa picha mbele ya ukuta mweupe. Akamkata, akamtazama juu ya nyeupe, akaona kila unywele uko. Akamweka kwenye bango la buluu nzito, karibu nyeusi, akamtumia mteja. Mteja akajibu: "Mbona anawaka kwa kichwa?" Bango likakataliwa na nusu ya malipo iliyobaki haikuja. Hiyo afro ndiyo nataka tuichambue, kwa sababu ndani yake kuna jibu lote.

Picha ni vigae vidogo vya rangi, pikseli. Katikati ya afro, kila pikseli ni nywele tupu. Kwenye ukuta, kila pikseli ni ukuta tupu. Shida iko mpakani. Unywele ni mwembamba kuliko pikseli, kwa hivyo pikseli ya ukingoni inashika nusu unywele na nusu ukuta. Kamera haiwezi kuzitenga. Inazichanganya na kukupa rangi moja ya kijivu.

Tupige hesabu, ni rahisi, usikimbie. Kwenye kompyuta, nyeusi kabisa ni 0 na nyeupe kabisa ni 255. Nywele za huyu msichana tuseme ni 20, na ukuta ni 255. Pikseli iliyo nusu kwa nusu inakuwa kama 138. Kijivu.

Sasa ukikata, programu inafanya jambo moja sawa na moja nusu. Inajua kwamba hiyo pikseli ni nusu tu ya mtu, kwa hivyo inaifanya iwe wazi nusu, ndiyo rangi ya nyuma ipenye. Hapo iko sawa. Lakini rangi yenyewe inaiacha vilevile: 138. Yaani ukuta umeondoka, lakini rangi yake imebaki ndani ya ukingo kama harufu ya samaki kwa mkono.

Iweke sasa kwenye bango lenye giza la 30. Pikseli safi ingekuwa nusu ya 20 na nusu ya 30, jumla 25. Lakini yetu ni nusu ya 138 na nusu ya 30, jumla 84. Kwa hivyo ukitoka ndani ya nywele kwenda nje unapita 20, halafu 84, halafu 30. Mwangaza unapanda ghafla, halafu unashuka. Hiyo ndiyo pete inayowaka kichwani.

Irudishe kwenye nyeupe. Pikseli safi ingekuwa 138. Yetu inakuwa kama 197. Angalia vizuri: 84 toa 25 ni 59, na 197 toa 138 pia ni 59. Kosa ni lilelile, halijapungua hata kidogo! Lakini kwenye nyeupe unapita 20, halafu 197, halafu 255. Ni ngazi ya kupanda tu, hakuna mahali inaporudi chini. Jicho lako halioni mstari. Linaona nywele zimekuwa nyepesi kidogo pembeni, na linaendelea na maisha.

Kwa hivyo si kwamba giza linaharibu picha. Picha ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na nyeupe ilikuwa inaificha. Mambo yanageuka pia: mtu aliyepigwa picha usiku, mbele ya pazia jeusi, atapendeza kwenye giza, halafu ukimweka kwenye nyeupe anazungukwa na uchafu mweusi kama masizi. Kanuni yangu ni hii: picha iliyokatwa hupendeza kwenye rangi ile ile ilikotoka. Ijaribu kwenye rangi iliyo kinyume chake.

Sasa, kujaribu kunataka dakika mbili tu. Fungua programu yoyote yenye leya, hata ya simu. Chini ya picha yako weka leya tatu zilizojaa rangi: moja nyeusi, moja ya kijivu cha katikati, na moja ya rangi kali, kama kijani au waridi ya kuumiza macho. Kila moja ina kazi yake.

Nyeusi inakamata pete nyeupe, hiyo tumeshaielewa. Rangi kali inakamata kitu kingine ambacho watu hawakijui: vumbi. Unapofuta ukuta, kuna mabaki hubaki ambayo ni wazi karibu kabisa, labda yanafunika sehemu 3 kwa 100 tu. Rangi yake ni nyeupe, kwa hivyo juu ya nyeupe huwezi kuyaona hata ukodoe macho. Juu ya waridi kali yanatokea kama ukungu au alama za brashi. Rangi kali inakuonyesha pia matundu, pale programu ilipokula kipande cha shati jeupe au jino ikidhani ni ukuta. Kijivu nacho kinakuonyesha pete nyeupe na nyeusi kwa pamoja, kwa sababu hakiko upande wowote.

Usianze kwa kukuza. Anza kwa asilimia 100, vile mtu ataiona. Washa na uzime leya ya nyeusi haraka haraka, huku ukitazama ukingo mmoja tu, tuseme bega. Ukingo ukirukaruka au ukitoa mstari, umepata mgonjwa. Hapo ndipo unakuza hadi 300 na kuzunguka mwili wote polepole: masikio, katikati ya vidole, chini ya kwapa, nywele. Ukianza kwa 800, kila kitu kitaonekana kibovu na utakesha ukirekebisha vitu ambavyo hakuna mtu ataviona.

Ukishaipata pete, usikimbilie dawa moja kwa mwili mzima. Hapa ndipo wengi huharibu. Bega na mkono zina ukingo mgumu, kwa hivyo punguza maski ndani kwa pikseli 1 na mambo yameisha. Pikseli chafu imekatwa, na hakuna atakayejua bega limepungua. Lakini ukifanya hivyo kwa afro umeinyoa. Nywele za pembeni zenyewe ni pikseli 1 au 2, ukipunguza zinapotea zote na msichana anabaki na kofia.

Kwa nywele, acha umbo na ubadilishe rangi. Tengeneza nakala ya leya, kisha funga uwazi wake. Karibu kila programu yenye leya ina hiyo kufuli, kwenye ibisPaint inaitwa `Alpha Lock`. Ukishaifunga, brashi haiwezi kuongeza wala kupunguza umbo, inapaka pale palipo na picha tu. Chukua rangi kutoka ndani ya nywele zenyewe, karibu na ukingo, halafu pitisha brashi laini pembezoni. Ile pikseli ya 138 inakuwa 20, na bado iko wazi nusu. Kwenye bango la 30 sasa inatoa 25, hesabu ile tuliyoitaka. Pete imezimika bila unywele hata mmoja kupotea. Ukifika sikioni au shingoni, chukua rangi upya kutoka kwa ngozi, la sivyo utampaka masizi.

Wenye Photoshop wana njia ya mkato: `Layer > Matting > Remove White Matte`. Inajaribu kutoa ile nyeupe iliyochanganyika. Ni nzuri kama nyuma kulikuwa nyeupe kweli. Ukuta wa kawaida wa nyumba una kivuli upande mmoja na manjano ya taa upande mwingine, kwa hivyo hapo itasafisha nusu, na utarudi kwa brashi. Ndiyo maana mimi huwa naanza na brashi.

Kuna sehemu mbili ambapo haya yote hayatakuokoa. Ya kwanza ni tisheti nyeusi. Mashine nyingi za kuchapa kwa filamu hutandika wino mweupe chini ya rangi. Ile pikseli iliyo wazi nusu, hata ukiwa umeisafisha vipi, inaweza kupata weupe chini yake na pete ikarudi kwa kitambaa. Kwa kazi ya nguo, muulize mchapaji kama anataka kingo ngumu, na uchape kipande kidogo kwanza. Ya pili ni stika za WhatsApp. Hizo hujui zitatua wapi, kwa mwenye skrini nyeupe au kwa mwenye modi ya giza. Wenyewe WhatsApp wanapendekeza stika ya 512 kwa 512 iwe na mstari mweupe wa pikseli 8 kuizunguka. Hiyo ni akili: kama huwezi kuchagua rangi ya nyuma, chora ukingo kimakusudi, mnene na sawa pande zote, uonekane umeamua.

Na ukishamaliza, tuma PNG kama faili, si kama picha ya kawaida kwenye gumzo. Ukituma kama picha, uwazi unapotea na mteja anapata mtu amebandikwa kwenye kisanduku.

Msimamo wangu ndio huo na sitautoa. Mtu akikuonyesha kazi yake juu ya nyeupe na kukuambia imekamilika, mwombe akuonyeshe juu ya nyeusi. Akikataa, jibu umeshalipata. Wewe nawe, chukua picha ya mwisho uliyomtumia mteja, iweke juu ya waridi kali, kisha uniambie kwenye maoni umepata nini pale masikioni.